Mbwa anayefukuza boda na kubwekea giza: hatua za kumtuliza

Saa moja na robo asubuhi, kijana wa boda amepakia gunia la vitunguu, anapita mbele ya geti la jirani yangu hapa Busia, upande wa Uganda. Mbwa wake, Simba, anachomoka chini ya geti. Anakimbia sambamba na gurudumu la nyuma, kichwa kimeinama karibu na mguu wa dereva, anabweka bila kupumua. Dereva anarusha teke, usukani unayumba kwenye murram, pikipiki inalala. Vitunguu vimetapakaa barabara nzima na kiwiko cha kijana kimechunika. Simba naye? Amesimama hatua tatu kutoka pale, kimya, anaitazama pikipiki iliyolala. Kisha amegeuka, amerudi uani kunywa maji.

Watu waliokusanyika walitaka apigwe mawe. Mimi ni mhudumu wa mifugo, na jambo lililonishika ni pale aliponyamaza. Kama alikuwa na hasira na yule kijana, alikuwa amempata: yuko chini, hana la kujitetea. Lakini pikipiki iliposimama, hamu ya Simba ilikwisha papo hapo. Hakuwa anamtaka mtu. Alikitaka kile kinachokimbia.

Ndiyo maana kumponya mbwa wa aina hii kunawezekana, ila si kwa mawe.

Mbwa analipwa na boda lenyewe

Mbwa amerithi kazi ya kuwinda kwa vipande: kuona, kukazia macho, kunyemelea, kukimbiza, kukamata, kuua. Mbwa wengi wa majumbani hawavifikishi vipande vya mwisho, lakini kile cha kukimbiza kimebaki na kwa mbwa ni kitamu chenyewe, hata kama mwisho wake hapati nyama. Kitu kinachopita upesi mbele ya macho yake kwa kukata njia, chenye mlio na chenye miguu inayozunguka kwenye pedeli, kinaamsha kipande hicho kabla hajapata nafasi ya kufikiri.

Juu ya hapo kuna ulinzi. Mbwa anaona geti na kipande cha barabara kilicho mbele yake kuwa ni mahali pake. Boda linakuja, yeye anabweka, boda linaondoka. Sisi tunajua lilikuwa linaondoka tu, linaelekea sokoni. Yeye anajua jambo moja: nimebweka, limekimbia. Nimeshinda. Huo ndio mshahara wake, na analipwa kila mara bila kukosa.

Siku moja nilikaa barazani kwa mama mwenye Simba kuanzia saa moja hadi saa mbili asubuhi, nikahesabu. Zilipita pikipiki 31 na baiskeli 12. Kwa saa moja tu Simba alilipwa mara 43. Jioni mwenyewe anampiga fimbo mara moja, saa nyingi baada ya kosa, akiwa amelala zake kivulini. Mizani hiyo haiwezi kulingana, na fimbo yenyewe mbwa haelewi inahusu nini.

Teke la dereva na jiwe la abiria navyo vinaharibu zaidi. Mbwa aliyeanza kwa mchezo anajifunza kwamba mlio wa injini huja na maumivu, basi safari ijayo anatoka mapema na kwa meno. Wengine hufunga kigogo shingoni mwa mbwa ili kimgonge magotini anapokimbia. Nimewaona mbwa wawili waliovimba miguu ya mbele kwa kigogo hicho, na wote wawili waliendelea kufukuza, wakichechemea.

Kabla ya yote: hakikisha si kichaa cha mbwa

Tabia ya Simba ilianza akiwa na miezi minane ikakua polepole kwa miaka miwili. Hiyo ni tabia ya kujifunza. Kama mbwa wako alikuwa mtulivu na ghafla, ndani ya siku chache, ameanza kushambulia kila kinachopita, kung'ata hewa, mawe au mnyororo wake, sauti ya kubweka imebadilika ikawa ya kukwaruza, au anatoka udenda na taya limelegea, usianze mafunzo yoyote. Usimshike. Usitie mkono mdomoni ukidhani mfupa umekwama. Kosa hilo limewaponza wengi, kwa sababu taya lililolegea kwa kichaa hufanana sana na mbwa aliyekwamwa. Mfungie ndani ya uzio bila kumgusa kama unaweza, watoto wakae mbali, na umwite ofisa wa mifugo wa kata ndogo au umjulishe mwenyekiti wa kijiji, yaani wa LC1, amtafute.

Aliyeng'atwa au kukwaruzwa na meno aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kwa kutazama saa, si kwa kukisia. Kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo kama chomo la mwiba. Dalili za kichaa cha mbwa zikishajitokeza kwa mtu, hakuna dawa ya kumrudisha. Chanjo inaokoa kabla ya hapo tu. Mbwa aliyeng'ata, kama anaweza kufungiwa salama, asiuawe kwa hasira. Akifungiwa na kuangaliwa siku 10 akabaki mzima, maana yake hakuwa anatoa virusi kwenye mate siku aliyong'ata. Lakini aliyeng'atwa asisubiri siku hizo ziishe ndipo aende kwa daktari.

Na usemi wetu kwamba mbwa abwekaye haumi, tafadhali usiutegemee kando ya barabara. Anayebweka akikimbia huuma kisigino vizuri tu.

Simba alikuwa na chanjo ya mwaka ule. Mbwa huchanjwa mara ya kwanza akifika miezi mitatu, kisha mwaka unaofuata, na baadaye kwa ratiba atakayopewa mwenye mbwa. Kwetu wengi hurudia kila mwaka. Bila kadi ya chanjo nisingekubali kumkaribia na kamba.

Hatua ya kwanza: funga mshahara

Mafunzo hayashiki kama mbwa anaendelea kulipwa mara 43 kila asubuhi. Kwa hiyo wiki ya kwanza hatukumfundisha Simba kitu chochote. Tuliziba.

Chini ya geti palikuwa na mwanya wa shubiri moja na nusu. Tuliuzibia ubao. Uzio wake ni seng'enge na michongoma michache, na mbwa aliona kila kitu kupitia hapo. Hili watu wengi hawalitilii maanani: uzio unaomzuia mbwa lakini unamwachia kuona ndio unaompandisha mori kuliko yote, maana anaona, anataka, hafiki. Basi kwenye upande wa barabara tulisimamisha mabati ya zamani, kwenda juu hadi kimo cha kifua cha mtu. Penye mabati machache mianzi iliyofungwa kwa kubanana inatosha, au hata magunia yaliyoshonwa pamoja, ingawa mvua ya Aprili itayamaliza.

Kibanda chake kilikuwa pembeni mwa geti. Tulikihamishia nyuma ya jiko. Mama hakupenda, akasema, "Sasa nani atanilindia geti?" Nikamwambia, mama, mbwa anasikia geti likiguswa hata akiwa nyuma ya jiko, tofauti ni kwamba hatakuwa anahesabu boda.

Mnyororo nao. Simba alifungwa mchana kutwa, akafunguliwa usiku na alfajiri. Mbwa wa mnyororo mfupi hulimbikiza nguvu siku nzima, na saa anayofunguliwa ndiyo saa watu wanaenda kazini. Tuligeuza utaratibu. Saa kumi na mbili kasoro, kabla barabara haijachangamka, mtoto mkubwa wa mama anamtembeza kwa kamba nusu saa kwenye njia ya mashambani, anamwacha anuse kila kichaka. Kunusa kunamchosha mbwa kuliko tunavyodhani. Akirudi anapewa chakula na analala.

Kwa wiki hiyo moja, kufukuza kulikoma kwa sababu hakukuwa na nafasi. Hapo wengi hushangilia na kufungua geti. Bado. Mbwa hajabadilika, amezuiwa tu.

Hatua ya pili: andaa vifaa na malipo mapya

Unahitaji kamba ya mita tano, unene wa kidole kidogo, na mkanda wa kifuani badala ya wa shingoni. Mkanda wa kifuani unaweza kushonwa na fundi viatu kwa utepe wa mikoba. Unapita kifuani na nyuma ya miguu ya mbele, na mbwa akirukia mbele haminywi koo. Kamba usiizungushe kwenye kiganja, kwani mbwa wa kilo 25 akiruka atakuvunja vidole. Ishike kwa mikono miwili, mwisho wake uwe na fundo.

Malipo yanatakiwa kuwa kitu ambacho mbwa hapewi siku nyingine. Posho ya mahindi haitashinda boda. Sisi tulitumia dagaa wakavu, mukene kama tunavyowaita huku, kwa sababu wanapatikana kila duka, wananukia sana na kila mmoja ni mdogo, anamezwa mara moja. Nunua wasio na chumvi. Waoshe kwanza, kwa sababu wengi hukaushwa juu ya mchanga, kisha waanike tena. Konzi moja inatosha kipindi kimoja. Maini ya kuchemsha yaliyokatwa vipande kama punje ya hindi ni bora zaidi, ila bei yake unaijua.

Hatua ya tatu: tafuta umbali anaoweza kuvumilia

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na ndipo wengi huharibu kwa haraka.

Kuna umbali ambao mbwa analiona boda, masikio yanasimama, lakini bado anaweza kula na kukusikia. Ukisogea hatua kumi zaidi, akili yake inafungwa: mwili unakuwa kama mti, mdomo unafumba, manyoya ya mgongoni yanasimama, na ukimwekea dagaa puani ni kama hana pua. Mbwa aliyefika hapo hafundishiki. Dagaa ndiye kipimo chako. Akila taratibu, uko sawa. Akimpokonya kwa nguvu hadi anagusa vidole kwa meno, uko ukingoni. Akikataa kabisa, umekaribia mno. Geuka naye, rudini nyuma.

Kwa Simba umbali huo ulikuwa hatua 60 kutoka barabarani, kwenye shamba la mihogo la jirani. Tulisimama pale saa nne asubuhi, boda zikiwa chache.

Utaratibu ni huu. Boda linatokea. Simba analiona. Ndani ya sekunde moja au mbili unampa dagaa, halafu mwingine, mwingine, hadi boda lipotee. Likishapotea, dagaa zinakoma na wewe unakuwa mtu asiyevutia. Mpangilio ni lazima uwe huo: boda kwanza, dagaa baadaye. Ukionyesha dagaa kabla, unamfundisha kwamba dagaa ni onyo la hatari inayokuja, na mbwa mwerevu ataanza kukagua barabara kila ukitia mkono mfukoni.

Usimwambie kaa, usimwambie nyamaza. Hatumfundishi amri hapa. Tunabadilisha maana ya mlio wa injini.

Dakika tano hadi kumi, mara mbili kwa siku, basi. Siku ya nne, boda lilipita, na Simba akaliangalia, halafu akageuza shingo kumtazama kijana wa mama, kama anayeuliza, "Iko wapi?" Mgeuko huo wa shingo ndio unaotafutwa. Bila huo usisogee hata hatua moja. Ukiupata kwa boda tano mfululizo, sogea hatua tano mbele, uanze upya.

Hatua ya nne: boda la kukodi

Barabara haikutii. Leo zinapita tatu, kesho lori la mchanga linakuja likipiga honi. Ndiyo sababu ilibidi tupate boda letu wenyewe. Yule kijana wa vitunguu ndiye alikubali, na moyo wake niliuheshimu. Mama alimlipa mafuta na akampa chai na chapati kila alipokuja.

Tulifanya hivi kwenye uwanja wa nyuma ya kanisa, jioni mbili kwa wiki. Kwanza pikipiki imezimwa, imesimama, Simba anazunguka kwa mbali na kula. Kisha kijana anaisukuma kwa mguu, injini imezimwa. Kisha injini inawashwa lakini pikipiki imesimama. Kisha inakwenda pole, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Mwisho mwendo wa kawaida, kwanza ikielekea mbali na mbwa, baadaye ikipita kwa kukata mbele yake, kwa sababu kupita kwa kukata ndiko kunakowasha uwindaji kuliko yote. Kila unapoongeza ugumu wa mwendo, ongeza na umbali, halafu uupunguze tena polepole.

Wiki ya tatu tulikosea. Kijana alikuwa na haraka, akapiga resi karibu, hatua kama 15, Simba akaruka hadi mwisho wa kamba, akabweka kwa dakika nzima. Siku mbili zilizofuata hata umbali wa hatua 40 ulimshinda. Tulirudi 60, tukaanza tena kwa siku tatu. Hilo litakutokea na wewe. Halimaanishi mbwa ameshindikana. Maana yake ameamshwa mno, na mwili wa mbwa huchukua siku kadhaa kutulia baada ya tukio kubwa. Mpumzishe siku moja kamili bila kuona boda, kisha rudi ulikotoka.

Mwishoni mwa wiki ya saba Simba alikaa hatua nne kutoka barabarani, kamba imelegea, pikipiki tisa zikapita. Kwa saba aligeuza shingo. Kwa mbili alisimama akanguruma kidogo, akakaa.

Usitarajie zaidi ya hapo haraka, na usimwache huru barabarani kwa sababu ya hapo. Mwezi uliofuata mbwa jike wa mtaa wa pili aliingia joto, na kwa karibu wiki tatu Simba hakusikia dagaa wala jina lake. Mama alimfungia uani hadi joto lile lipite. Kumhasi dume hupunguza uzururaji wa namna hiyo, lakini hamu ya kufukuza gurudumu haiishi kwa kuhasi, kwa kuwa haitoki huko.

Kwa wewe uliye juu ya baiskeli au boda

Kwenye baiskeli, simama. Shuka, weka baiskeli kati yako na mbwa, usimkazie macho, tembea polepole ukiisukuma hadi upite geti lake. Umemwondolea kile alichokitaka, na wengi huacha hapo hapo. Chupa ya maji ukiwa nayo, mmwagie usoni, inatosha kumkatisha.

Kwenye pikipiki, usirushe teke. Ndilo linaloangusha watu. Mbwa hakukimbilii ulipo, analenga mahali atakapokutana na wewe. Kwa hiyo punguza mwendo unapomwona anatoka, mwache apange hesabu yake kwa mwendo huo, halafu ongeza kasi kwa utulivu unapomfikia. Anajikuta nyuma. Usukani unyooke, na abiria asichezeshe miguu.

Na kubweka usiku kusiko na sababu

Simba alikuwa na kosa la pili, na mama alilitaja kwa sauti ya chini. Kila usiku kama saa nane alibweka akielekea kona ile ile, hapana mtu, hapana kitu. Majirani walishaanza kusema. Huku kwetu mbwa akibwekea giza, watu husema ameona wachawi wa usiku, wale ambao Waganda huwaita abasezi, au jini linapita. Sikubishana na mama juu ya hilo. Nilimwomba tu tuanze na vile tunavyoweza kukagua.

Sikio la binadamu linaishia kwenye milio ya mitetemo kama 20,000 kwa sekunde. La mbwa linafika takriban 45,000. Panya wanazungumza kwa milio iliyo juu ya uwezo wetu, nasi tumekaa chumba hicho hicho hatusikii. Mbwa anasikia baadhi yake. Tena usiku sauti husafiri mbali zaidi, kwa sababu ardhi inapoa na hewa iliyo karibu na ardhi inapoa nayo, kwa hiyo sauti ambayo mchana ingepanda juu ikapotea, usiku hupinda na kurudi chini. Lori la mpakani lililo kilomita mbili, unalisikia kitandani. Mbwa anamsikia dereva akifunga mlango.

Kwa hiyo andika. Usiku saba, karatasi na kalamu kando ya kitanda: saa ngapi, ameelekea wapi, anabweka vipi. Kubweka kwa sauti nzito, kwa haraka, kwa kufululiza, ni tahadhari: kuna kitu. Kubweka kwembamba, mara moja moja, kimya kidogo, tena moja, mara nyingi ni upweke. Na kama mbwa wa mtaa wa pili ndiye anayeanza na huyu anaitikia, andika hilo pia, maana mbwa huambukizana kubweka kama sisi tunavyoambukizana miayo.

Karatasi ya mama ilisema: saa nane kasoro, saa nane na nusu, saa tisa, kona ya ghala, sauti nzito, yeye ndiye anayeanza. Usiku wa tano nilikwenda mwenyewe na tochi. Simba amesimama, pua imeelekea chini ya ghala la mahindi, si barabarani. Sikusikia kitu. Asubuhi tuliinua mbao: vinyesi vya panya kama konzi mbili, gunia limetobolewa, na kwenye udongo laini nyayo za mnyama mdogo anayewafuata panya hao, nafikiri fungo. Mama alinyanyua ghala juu ya nguzo zenye vikombe vya bati vilivyofunikiza, akahamisha magunia. Ndani ya siku kumi kubweka kwa saa nane kulibaki mara moja moja.

Hata hivyo hutaki mbwa asibweke kabisa. Mbwa bubu ni kazi gani uani? Unachotaka ni kifupi. Akibweka, toka, angalia kweli upande anaoelekea, mwambie neno moja lile lile kila siku. Mama anasema "Asante, njoo." Akija, anapewa dagaa na kulala. Ukimpigia kelele kutoka dirishani, kwa masikio yake na wewe unabweka naye. Jihadhari na jambo moja: mbwa wa upweke, yule wa sauti nyembamba, ukimtokea kila akibweka unamlipa kwa kubweka. Huyo anahitaji kuhamishwa alale karibu na mlango wa watu, na achoshwe mchana.

Mbwa mzee ni habari nyingine. Aliyepita miaka kumi hivi, ambaye sasa anabwekea ukuta, anasahau njia ya kutoka pembeni, analala mchana kutwa na kuzunguka usiku, huenda akili imezeeka, au macho na masikio yamefifia na kila kivuli kinamshtua. Mwachie taa ndogo, usihamishe kibanda chake, na umwite daktari wa mifugo apime kama kuna maumivu ya viungo, kwa kuwa maumivu huzidi kusumbua usiku.

Yule kijana wa boda bado anapita kila asubuhi. Akikaribia geti la mama hupunguza mwendo, hutia mkono mfukoni, na hurusha mukene mmoja juu ya mabati.